Deni la Kodi na Riba Yake Ipunguayo

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini baba wa nyumba atalipaje pasipo kujua jumla ya deni lake? Tuchukue nchi ya Kenya, ambako Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yaruhusu mdaiwa kuomba kulipa kwa mafungu. Ruhusa hiyo haisimamishi riba. Kodi iliyochelewa hutozwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi, nayo huhesabiwa juu ya kodi peke yake: riba haizai riba.

Tuseme mwenye duka adaiwa kodi ya shilingi 120,000, iliyochelewa miaka miwili kamili. Riba ya miezi 24 iliyopita ni shilingi 28,800. Hiyo imekwisha kuwa deni, wala haiongezeki tena. Sasa akubaliwa kulipa kodi yenyewe kwa miezi 12, shilingi 10,000 kila mwezi, pamoja na riba ya mwezi huo.

Mwezi wa kwanza kodi iliyobaki ni 120,000, na riba yake 1,200. Basi atalipa 11,200. Mwezi wa pili imebaki 110,000, riba ni 1,100, naye atalipa 11,100. Hivyo kila mwezi riba yashuka kwa shilingi 100, hata mwezi wa mwisho iwe 100 tu. Tukijumlisha riba zote 12 twapata 7,800.

Wengi hukosea hapa: huzidisha 1,200 mara 12, wakapata 14,400, kana kwamba kodi haikupungua hata kidogo. Mwenye duka akiona katika hesabu aliyoletewa kwamba riba ya mwezi wa pili ni 1,200 tena, na aulize mara moja, maana huenda fungu lake la kwanza halikuandikwa.

Basi jumla yote ni hii: kodi 120,000, riba ya zamani 28,800, riba ya mwaka wa kulipa 7,800, yaani shilingi 156,600, mbali na faini. Kama angeweza kulipa 20,000 kila mwezi kwa miezi sita, riba ya muda huo ingekuwa 4,200 tu.

Yuko mwingine aletaye 10,000 kila mwezi bila riba, akidhani amemaliza. Fedha yake huondoa kodi kwanza. Lakini mwisho wa mwaka akuta riba zote zamngoja.

Hatari iliyo kubwa ni kukosa fungu. Aliyelipa mafungu matano, akakosa la sita, sheria yataka alipe mara moja kodi yote iliyobaki, shilingi 70,000. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, na apime fungu lake kwa mapato ya mwezi ulio mbaya, si kwa yale ya mwezi wa sikukuu.