Kiasi Gani Kinatosha? Hesabu ya Mama na Milioni Tisa



Alitujia mama mmoja mjane baada ya swala ya Alasiri. Kiwanja alichorithi kimeuzwa, na mkononi anazo shilingi 9,000,000. Kwa miaka mingi amewalea wanawe kwa kukaanga mahamri na viazi vya karai tangu alfajiri, na sasa magoti yamechoka. Akatuuliza, "Maalim, hizi zitanitosha nizime jiko, au niendelee?"

Tulimwomba kwanza atuambie matumizi yake ya mwaka mzima. Wengi wetu huhesabu ya mwezi, tukasahau yale yanayokuja mara moja au mara tatu kwa mwaka. Chakula, maji, umeme na nauli humtoka 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Ada za watoto wawili ni 120,000. Ramadhani, Idi na matibabu ni 60,000. Jumla ni 720,000. Akigawanya milioni tisa kwa kiasi hicho, fedha zitakwisha baada ya miaka kumi na miwili na nusu, na bei zikipanda zitakwisha mapema zaidi.

Ipo kanuni mashuhuri katika jambo hili. Mwaka 1994, mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mtu anayestaafu na kuishi kwa akiba. Aligundua kuwa mtu akitoa asilimia 4 ya mali yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akaongeza kiasi hicho kulingana na kupanda kwa bei, fedha zilidumu angalau miaka 30, hata kwa walioanza katika nyakati ngumu. Kutokana na hapo watu huzidisha matumizi ya mwaka mara 25. Kwa mama yetu ni 18,000,000, nasi tukaona kwamba anayo nusu tu.

Lakini kanuni hiyo ina mipaka yake. Ilipimwa kwa hisa na hati fungani za serikali ya Marekani, na hati hizo zina riba. Haikupimwa kwa shilingi yetu wala kwa mfumko wetu wa bei. Kwa hiyo mwenye tahadhari hushuka hadi asilimia 3, na kwa milioni tisa hiyo ni 270,000 kwa mwaka.

Na liko jambo ambalo Bengen hakulihesabu, nalo ni zaka. Fedha taslimu zilizofika nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia 2.5. Kwa milioni tisa, zaka ni 225,000. Ukiiondoa katika zile 270,000, mama anabakiwa na 45,000, matumizi ya mwezi mmoja tu. Muislamu anayenakili kanuni ya mara 25 bila kuweka zaka katika matumizi yake atakula mtaji bila kujua.

Hapa ndipo aina ya mali inapobadilisha hesabu. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, nyumba ya kupangisha haitolewi zaka kwa thamani yake; zaka huwa katika kodi iliyobaki mkononi, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Tukampigia hesabu ya jengo dogo la vyumba vya kupangisha, la milioni nane na nusu, huku 500,000 zikibaki kuwa akiba ya dharura. Kodi yake yote ni 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka, sawasawa na matumizi yake. Akatabasamu. Tukamwambia, "Subiri, mama."

Vyumba havijai mwaka mzima. Tukaondoa mwezi mmoja, zikabaki 660,000. Ushuru wa serikali wa asilimia 7.5 ya kodi inayoingia ni 49,500. Ukarabati, rangi na ada za kaunti tukaziwekea 90,500. Kinachobaki ni 520,000. Kodi iliyo kwenye karatasi na kodi inayofika jikoni ni vitu viwili, na anayeacha kazi kwa kutegemea ile ya kwanza hujikuta akikopa paa linapovuja.

Upungufu ni 200,000 kwa mwaka, chini kidogo ya 17,000 kwa mwezi. Basi jibu letu likawa kwamba jiko lisizimwe bado, bali lipunguzwe. Auze siku tatu badala ya saba, na mapato ya siku hizo yajaze pengo. Watoto wakimaliza shule, ile 120,000 ya ada itaondoka, na pengo litabaki 80,000. Ila kila Muharram apige hesabu upya, kwani bei ya unga ikipanda na kodi isipande, pengo litafunguka tena. Na ile akiba ya dharura asiiguse kwa ajili ya arusi wala samani, maana mali yake yote imo katika jengo moja.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku tatu naziweza, Maalim."

Wallahu aalam.