Taja mzigo kwanza: kichwa cha barua pepe kwa meneja ununuzi

Tuseme kiwanda cha unga Dar es Salaam kimeomba bei ya mifuko 20,000 ya kilo 25. Wauzaji wanajibu kwa barua pepe, na meneja ununuzi anazipitia kwenye simu akiwa ghalani. Hapo haoni barua, anaona jina la mtumaji na maneno machache ya kichwa. Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 tu, zilizobaki hukatwa.

Wengi wetu tumezoea kichwa cha barua ya ofisi: "YAH: UWASILISHAJI WA NUKUU YA BEI KWA AJILI YA UNUNUZI WA MIFUKO". Kwenye karatasi kinafaa. Kwenye simu kinakatika kwenye "KWA AJILI", kabla mifuko haijatajwa. Meneja anajua kuna mtu kaleta bei, lakini hajui ni ya mifuko, ya mafuta ya mitambo au ya karatasi.

Sasa geuza mpangilio: "RFQ 0118: Bei ya mifuko 20,000 ya kilo 25". RFQ 0118 ni namba ambayo kiwanda chenyewe kililipa ombi lake. Hata simu ikikata baada ya herufi 30, namba, kusudi, bidhaa na idadi vimeshasomeka. Namba hiyo ina faida nyingine: wiki mbili baadaye, meneja akilinganisha bei, ndiyo atakayoiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Barua yenye kichwa "Habari" haitajitokeza kwa kichwa chake.

Bei yenyewe usiiweke kwenye kichwa. Kichwa huchungulia kwenye simu iliyofungwa, na mshindani wako anaweza kuwa ameketi mbele ya meza hiyo hiyo.

Kama hukuombwa bei, huna namba ya kutaja. Taja bidhaa na jambo linalomgusa mnunuzi, mathalani "Mifuko ya kilo 25: ipo Dar, siku 3". Kubandika "RE:" ili ionekane mlishaanza mazungumzo ni udanganyifu. Anayeutambua ana haki ya kutokuamini hata bei yako.

Kichwa chenye uzito zaidi ni cha habari mbaya. Oda imeshatolewa, na mifuko 8,000 haitafika kwa wakati. Muuzaji huona aibu, akaandika "Taarifa muhimu", au akajibu ndani ya barua ya zamani ya bei, ambako ujumbe unazama. Anza barua mpya: "LPO 4471: mifuko 8,000 hadi 20 Juni", kisha eleza sababu ndani. Meneja akiiona asubuhi, bado anaweza kupanga upya usagaji au kutafuta mifuko ya kuzibia pengo. Akiiona jioni, mashine huenda zimeshasimama.

Kabla ya kutuma kwa mteja, jitumie mwenyewe na usome kwenye simu yako bila kuifungua. Kama bidhaa haionekani, isogeze mbele.