Barua Pepe ya Mauzo Inapohamia WhatsApp

Barua pepe za mauzo za kwetu zinafanana kama pacha. Hii hapa ya muuza mashuka na taulo wa Unguja, aliyoiandikia hoteli ndogo ya Paje:

“YAH: OFA YA TAULO NA MASHUKA YA HOTELI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wasambazaji wa taulo, mashuka, foronya na mapazia yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu. Tumehudumia hoteli nyingi Zanzibar na Dar es Salaam. Taulo zetu zina uzito wa gramu 500 kwa mita ya mraba. Tunatoa punguzo la asilimia 10 kwa oda ya kuanzia taulo 50, na mzigo tunaleta hadi mlangoni. Tumeambatanisha orodha ya bei. Tafadhali wasiliana nasi leo.”

Kwa barua pepe, hiyo inapita. Meneja ataifungua akiwa mezani, ataichungulia orodha ya bei na pengine ataiweka kwa siku ya haja. Kazi inaanza pale muuzaji anapotaka kumfikia meneja huyohuyo kwenye simu yake, ambako jina la muuzaji litakaa katikati ya ujumbe wa mama yake na kikundi cha harusi ya binamu.

Wengi hushika mkasi. Wanakata “husika”, wanakata historia ya kampuni, na kinachobaki ni hiki: “Habari! Tunauza taulo, mashuka, foronya na mapazia. OFA asilimia 10! Piga sasa!” Ni fupi kweli, lakini limekuwa tangazo la ukutani. Kilichokatwa ni maneno, na ile hali ya kumwambia kila mtu kila kitu imebaki palepale. Meneja hawezi kujua kama ameandikiwa yeye au yeyote mwenye kitanda cha kukodisha.

Kwa hiyo usianze kufupisha. Jiulize kwanza: katika barua yote ile, ni jambo gani moja linalomhusu meneja wa Paje? Mapazia hayamhusu leo. Punguzo la taulo 50 halimhusu mtu mwenye vyumba vinane ambaye hajaigusa hata taulo moja. Linaloweza kumhusu ni ule uzito wa gramu 500, nalo pia ni mpaka liguse shida yake. Upande wa mashariki wa Unguja visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na taulo ikifuliwa humo muda mrefu inakuwa ngumu na kupoteza weupe. Tena wageni hujaa kuanzia Juni, baada ya masika, na hoteli nyingi hufanya ukarabati na manunuzi kabla ya hapo. Hapo ndipo penye ujumbe:

“Habari za mchana Bi. Fulani. Mimi ni muuza taulo na mashuka ya hoteli, duka langu lipo Darajani. Namba yako nimepewa na meneja wa hoteli jirani, naye ameniruhusu kumtaja. Aliniambia maji ya visima vya huko yanazimaliza taulo mapema. Ninazo nyeupe za gramu 500. Naweza kuleta mbili, bure, mzifue kwa maji yenu wiki chache kabla msimu haujaanza. Nilete, au kwa sasa mko sawa?”

Salamu na shida vimekwenda pamoja, katika ujumbe mmoja. Kuna watu wanaotuma “Mambo” peke yake, kisha wanangoja. Ana kwa ana huo ni uungwana, lakini kutoka namba ngeni ni usumbufu, maana anayepokea analazimika kuitikia kabla hajajua anaitikiwa nini. Isitoshe, skrini ya simu iliyofungwa huonyesha maneno ya mwanzo tu. Meneja akiona “Mambo” hajaona kitu, na akifungua ujumbe wa namba asiyoihifadhi, WhatsApp yenyewe inamwekea kitufe cha kuzuia namba hiyo. Ni kubonyeza tu.

Swali analojiuliza kabla ya jingine lolote ni “namba yangu kaipata wapi?” Mjibu kabla hajauliza. Lakini usimtaje jirani bila kumwomba ruhusa kwanza, kwa sababu mameneja wa ufuo mmoja wanajuana na watapigiana simu kabla hujajibiwa. Sheria nayo ipo: Kenya ilipitisha ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Kumwingiza mtu kwenye kikundi cha wateja bila kumwuliza ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumpoteza.

Halafu lile swali la mwisho. “Wasiliana nasi leo” ni amri, tena inampa kazi. “Nilete, au kwa sasa mko sawa?” linajibika kwa neno moja, hata akiwa amesimama mapokezi, na lile “mko sawa” linamfungulia mlango wa kukataa bila kuona haya. Wauzaji wanauogopa mlango huo. Mimi naona ndio unaoleta majibu, kwani mtu asiyepewa njia ya kukataa hunyamaza tu.

Saa pia inazungumza. Asubuhi hotelini kuna kifungua kinywa na wageni wanaoondoka, kuanzia saa nane mchana wanaingia wapya. Pengo liko kwenye saa sita hivi, isipokuwa Ijumaa, ambapo watu wako msikitini. Na hii orodha ya bei? Iache. Picha ya bango na faili zito havitangulii mazungumzo. Ila akiuliza “bei gani?”, mtajie bei hapohapo, kwa shilingi. Kumjibu “njoo tuongee” kunamfanya ahisi bei inapimwa kwa sura yake.

LinkedIn ina adabu nyingine. Pale kila mtu anajua kwamba mwenzake ana kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza namba imetoka wapi. Tatizo ni nafasi: ujumbe unaoambatana na ombi la kuunganishwa, kwa akaunti ya bure, unaishia herufi 200. Hapo usiuze chochote. Tuseme ofisa manunuzi wa kundi la hoteli ameandika kwenye ukurasa wake kuhusu ufuaji:

“Habari Bi. Fulani. Nauza taulo na mashuka ya hoteli hapa Unguja. Nimesoma ulivyoandika juu ya shida ya kufulia kwa maji ya kisima. Ningependa tuunganishwe, nifuatilie unayoandika.”

Kazi yako imetajwa wazi, na hakuna ombi la kununua. Akikubali, usimrukie dakika hiyohiyo na ile barua ya “YAH”. Hilo limewachosha watu wa LinkedIn kiasi kwamba wengine hawakubali tena ombi la muuzaji yeyote. Ngoja siku kadhaa, kisha tuma la taulo mbili.

Asipojibu je? Alama za tiki zikiwa za bluu, usithubutu kuandika “naona umesoma”. Acha wiki ipite, urudi mara moja tu, na urudi na jambo jipya: “Habari Bi. Fulani. Alhamisi gari letu linakuja Paje. Naweza kuacha zile taulo mbili mapokezi bila kukusumbua. Kama haihitajiki, niambie tu, sitatuma tena.” Akijibu “nitakucheki”, hesabu kwamba amekataa kwa upole, umshukuru na unyamaze mpaka yeye aandike. Akijibu “ziacheni”, mwulize jina la msimamizi wa dobi, kwa sababu huyo ndiye atakayezifua na kusema kama zinafaa.