Podikasti Inapohamia Kiswahili

Ugumu wa kukileta kipindi cha podikasti katika Kiswahili hauko kwenye mahojiano. Mgeni akieleza jambo lake vizuri, mfasiri hupata pa kushika. Kazi iko pale watangazaji wanapotaniana, kisha mmoja wao akageuka kumnadi mdhamini.

Chukua kipindi cha Kimarekani cha dakika 40 kuhusu usingizi, kinachodhaminiwa na kampuni ya magodoro. Kinaanza kwa mtangazaji kumchokoza mwenzake kwamba timu yake ya besiboli imefungwa tena. Utani huo ukifasiriwa ulivyo, msikilizaji wa Dodoma hacheki. Katika mswada andika tu kwamba huyu anamchokoza yule juu ya timu yake, kisha waachie watangazaji wako wamalizane kwa maneno yao. Simba na Yanga zitawatosha. Ila soma mpaka mwisho kwanza: utani ukirejewa dakika ya 30, huo mpya nao lazima uweze kurejewa papo hapo.

Tangazo halina uhuru huo. Bei, masharti na sifa za godoro zilizoidhinishwa na mdhamini haziguswi. Maneno yapatayo 150 ya Kiingereza hujaza sekunde 60. Ya Kiswahili huenda yakawa machache, lakini silabi zake ni nyingi, na msomaji hujikuta anakimbia. Lisome kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Likizidi, punguza mbwembwe, usipunguze masharti.

Halafu kuna ushuhuda: "Nimelilalia miezi miwili, mgongo hauniumi tena." Kama mtangazaji wako hajalilalia, asiseme. Huo ni uongo kwa msikilizaji anayemwamini, na huko Marekani kanuni za matangazo zinamtaka anayejitaja kuwa mtumiaji awe kweli anaitumia bidhaa. Aseme kampuni inavyolieleza godoro lake, au apelekewe godoro alilalie kwanza.

Msimbo wa punguzo nao, tuseme SLEEP20, usiufasiri. Mteja akiandika USINGIZI20 mtandao utamkatalia. Lakini ukitajwa herufi kwa herufi kwa Kiingereza, E husikika kama I, na mteja anakosea. Mwombe mdhamini msimbo mpya unaoandikwa kama unavyotamkwa, mfano LALA20. Naye atajua ni wateja wangapi wametoka kwa wasikilizaji wa Kiswahili.

Maelezo ya kipindi yaandikwe mwisho, sauti ikishahaririwa, kwa sababu dakika zote zitakuwa zimesogea. Mada iliyokuwa 12:40 inaweza kuangukia 14:05, na anayebofya alama ya zamani atatua katikati ya tangazo. Angalia na saa za ofa. Inayokwisha New York Ijumaa saa sita usiku mwezi Julai, Dar es Salaam na Nairobi inakwisha Jumamosi saa 1 asubuhi. Iandikwe hivyo, na mtangazaji aitamke hivyo.