Briji ibaki au itoke?

Tuchukue bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliyo mazoezini. Wimbo mpya ni wa mume anayemwomba mkewe arudi nyumbani. Beti na kiitikio vinazunguka kwenye G, C na D. Katikati kuna briji: kipande kinachopita mara moja tu, chenye melodi yake na kodi zake. Hapa kinaingilia Em, ngoma na tumba zinanyamaza, na mke anajibu.

Mpiga solo anataka kitoke. "Dada, hapo unaniulia ukumbi. Watu wameshakolea, halafu ghafla hakuna mapigo. Watarudi vitini."

Hoja yake ina uzito. Briji hiyo ina baa 16 za mapigo manne manne. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, ni karibu sekunde 38. Kwa msikilizaji wa redio hizo si nyingi. Kwa anayecheza, zinatosha kabisa kumpoza.

Mwimbaji hakubali. "Kaka, ukiitoa, mwanaume ataimba peke yake mwanzo hadi mwisho. Huyo mwanamke atasemea wapi?"

Naye ana haki. Beti ya tatu ingeongeza maneno tu juu ya melodi ileile, na sikio limeshaizoea. Em ndiyo inayomfanya msikilizaji ajue kwamba sasa anaongea mtu mwingine.

Wanaupiga bila briji. Unakwenda vizuri, ila kiitikio cha mwisho kinaingia kama cha kwanza, hakina jipya. Wanairudisha, na hapo mpiga besi anagundua kasoro nyingine: briji inaishia kwenye Em, kwa hiyo G ikirudi haina kinachoivuta. Ndiyo maana mwimbaji amekuwa akichelewa kuingia, na kila mtu alidhani ni pumzi.

Kubadili mambo katikati ya wimbo hakuna ubaya. Mwaka 1965, katika "We Can Work It Out", Beatles waliibadilisha hata hesabu ya mapigo katika sehemu ya kati, ikawa tatu tatu. Lakini wao walikuwa wakirekodi. Bendi hii ina watu wa kuchezesha.

Hatimaye wanapunguza baa 16 ziwe nane. Mistari minne ya mke inabaki miwili, ule wa kukataa ukiwa wa mwisho. Ngoma inanyamaza, lakini tumba na besi haziachi, ili miguu ipate pa kushika. Baa ya nane inakaa kwenye D, na D inaidai G.

"Sawa," anasema mpiga solo, "ila gitaa langu linaingia kwenye hiyo D."

"Liingie, kaka. Nikishamaliza kusema hapana."