Kutoa Mara Mbili: Namna ya Kuipima Pesa ya TASAF

Asaimenti ya tathmini ya sera muhula huu ina swali fupi: je, pesa za TASAF zimeongeza watoto shuleni, na umejuaje? Sehemu ya kwanza kila mtu anaijibu. Hiyo "umejuaje" ndo inayotoa watu jasho. Wenzangu wa kozi wameniomba niieleze kwa Kiswahili, nami nitatumia mfano wa huku kwetu Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu mazingira yake yanaonyesha vizuri njia hii inaposimama na inapoanguka.

Tunazungumzia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012. Mkutano wa kijiji ulitaja kaya maskini, dodoso likapita kuzihakiki, kisha mlengwa, mara nyingi mama, alilipwa kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya malipo ilikuwa na masharti, mojawapo mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Awamu hiyo haikufika vijiji vyote. Vilivyobaki vililengwa na kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kulikuwa na vijiji vyenye malipo na vijiji visivyo na malipo, na hapo ndipo tofauti ya tofauti inapopata kazi.

Tuchukue takwimu za kubuni, za kujifunzia tu. Tuseme malipo yalianza mwishoni mwa 2015. Katika vijiji vya TASAF, kati ya kila watoto 100 wa miaka 7 hadi 13 wa kaya maskini, 62 walikuwa shuleni mwaka 2015, na 84 mwaka 2017. Katika vijiji vya kulinganishia walikuwa 70, wakafika 85.

Mtu wa kwanza anatazama kijiji cha TASAF peke yake: 84 kutoa 62 ni 22. Anasema mpango umeleta watoto 22. Lakini Januari 2016 Serikali iliondoa ada na michango ya lazima kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na watoto wakamiminika shuleni nchi nzima. Huyu ameipa TASAF sifa za elimu bila malipo. Mtu wa pili anatazama mwaka 2017 tu: 84 kutoa 85. Anasema TASAF imepoteza mtoto mmoja! Amesahau kwamba vijiji hivyo vilichaguliwa kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa nyuma.

Sisi tunatoa mara mbili. Vijiji vya TASAF vimepanda 22. Vile vingine vimepanda 15 bila TASAF. Tunachukua hizo 15 kama kipimo cha mwendo ambao vijiji vya TASAF vingekwenda hata bila malipo. Kwa hiyo 22 kutoa 15 ni 7. Kutoa kwa kwanza kunaondoa hali ya kudumu ya kila kundi, kama umbali wa shule au umaskini wa zamani. Kutoa kwa pili kunaondoa kilichowapata wote kwa pamoja.

Sasa angalia vizuri: hesabu yote imesimama juu ya zile 15. Tumedai kwamba bila malipo makundi mawili yangepanda kwa kiasi kilekile. Hatukudai kwamba yanafanana, maana 62 na 70 hazifanani. Tumedai yanakwenda sambamba, na dai hilo halithibitishwi moja kwa moja, kwa sababu vijiji vya TASAF bila TASAF havikuwahi kuonekana. Tunachoweza ni kutazama nyuma. Kama mwaka 2013 kundi la kwanza lilikuwa na 58 na la pili 66, yote yamepanda 4 kufika 2015, basi tuna sababu ya kuamini. Kama la kwanza lilikuwa na 55, lilishapanda 7 wakati jenzie limepanda 4. Hapo 3 kati ya zile 7 zetu huenda ni mwendo wake wa zamani tu.

Hata mwendo wa nyuma ukifanana, kuna mtego. Elimu bila malipo ilimfikia kila mtu, lakini haikumgusa kila mtu sawa. Kaya iliyokuwa inashindwa kabisa michango ilipata nafuu kubwa kuliko kaya iliyokuwa inajibanabana na kulipa. Kama vijiji vya TASAF ni maskini zaidi, sehemu ya zile 7 ni ya waraka wa elimu, si ya malipo. Dawa yake ni kuchagua vijiji vya kulinganishia vyenye kiwango cha umaskini kinachokaribiana, na ndani yake kupima kaya ambazo zingepita kwenye mchujo uleule.

Wengine wanauliza: kwa nini tusilinganishe walengwa na majirani zao wa kijiji kilekile? Kwa sababu mkutano wa kijiji hutaja kaya iliyo taabani wakati ule. Baba ameugua, mihogo imeoza, basi jina linaandikwa. Mwaka unaofuata baba anapona na kaya inainuka kidogo, malipo yawepo yasiwepo. Jirani hakuwa ameanguka, kwa hiyo hana pa kuinukia. Ukitoa mara mbili hapo, utahesabu kupona kama kazi ya TASAF.

Kwa Mara kuna ziwa pia. Tuseme unapima matumizi ya chakula, vijiji vya TASAF viko ufukweni na vya kulinganishia viko bara kwenye mahindi na pamba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka kipato cha ufukweni kinapungua. Ukihoji mara ya kwanza wakati wa mbalamwezi na mara ya pili wakati wa giza, ufukwe utaonekana umepiga hatua kubwa. Hiyo ni kazi ya mwezi. Vilevile mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuliko kawaida na kuwapiga wa ufukweni, wa bara wakabaki salama. Linganisha ufukwe na ufukwe, bara na bara, na uhoji katika siku zilezile za mwezi.

Kwenye kompyuta, zile 7 hutoka kwa mstari mmoja wa Stata:

```
reg shuleni i.tasaf##i.baada, vce(cluster kijiji)
```

Jibu ni mgawo wa `1.tasaf#1.baada`. Ikiwa `shuleni` ni 1 au 0, utasoma 0.07. Usiache sehemu ya mwisho ya mstari. Malipo yaligawiwa kwa kijiji, na kaya za kijiji kimoja hupata mvua moja na mwalimu mmoja, kwa hiyo kaya 400 za vijiji viwili si ushahidi 400. Ukiwa na kijiji kimoja kila upande, lolote lililokipata kimoja, hata kuhama kwa mwalimu mkuu, litajificha ndani ya zile 7 na hutaliona. Katika majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kabla mpango haujaenea, vilitumika vijiji 80, na kura ndiyo iliyoamua 40 vipi vianze.

Kwa hiyo ukiandika "malipo yameongeza watoto 7 kwa kila 100", ongeza sentensi ya pili: umelinganisha na nani, na kwa nini unaamini wangekwenda sambamba. Hiyo ndiyo "umejuaje" inayoulizwa.