Kikao cha saa nane na mtoto aliye getini: kweli au si kweli?

Katika ofisi nyingi za Katesh, Mbulu mjini na Haydom, kikao cha wiki hupangwa mchana kwa sababu asubuhi ni ya wananchi, na mchana ndio watumishi huwa wamerudi kutoka vijijini. Bahati mbaya, mchana huohuo ndio shule huwaachia watoto wadogo. Mzazi mwenye mtoto wa awali au darasa la pili hubaki anatazama saa huku ajenda ya tatu ikisomwa, akijiuliza afungue mdomo au anyamaze. Yafuatayo ni maneno yanayosemwa sana kuhusu jambo hili. Matano si ya kweli, na moja liko katikati.

"Sheria inanipa haki ya kutoka kumchukua mtoto."

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Inampa baba siku tatu mtoto anapozaliwa. Mtoto akishaanza shule, sheria haina kifungu kinachotaja geti la shule.

Hata hivyo ina mambo mawili yenye msaada. La kwanza ni kwamba majukumu ya familia yametajwa waziwazi miongoni mwa sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kuzitumia kumbagua mtu. Hilo ni ngao ya siku mambo yakiharibika, na mtu mwenye busara haanzi mazungumzo kwa kuinua ngao. La pili ndilo la kufanyia kazi: anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Wengi wetu saa hiyo huitumia kwa wali maharage na soga. Mzazi anaweza kuomba isogezwe ikutane na kengele ya shule.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kutunga. Mhasibu mmoja wa Katesh ana mtoto wa darasa la pili anayetoka saa nane kamili mchana. Shule iko umbali wa robo saa kwa bajaji, kwa hiyo anahitaji kutoka saa 7:40 na kurudi saa 8:20, akiwa amempitisha mtoto kwa jirani. Hizo ni dakika 40 kwa siku, dakika 200 kwa wiki ya siku tano. Mapumziko yake kwa wiki hiyo ni dakika 300. Mwajiri hajapoteza hata dakika moja, na mhasibu bado ana dakika 20 za kula mahindi ya kuchoma. Akiziandika hesabu hizi kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa mkuu wake, ataona kwamba haombi msamaha wa kazi. Anaomba kikao kisikae juu ya mapumziko yake.

"Nikieleza shida zangu kwa kirefu, watanielewa."

Si kweli, na hapa ndipo wengi hujiharibia. Mtu huanza kusimulia: dada wa kazi ameondoka, mume yuko Singida, bodaboda wa zamani alikuwa anapakia watoto mishikaki. Yote ni ya kweli na yanasikitisha. Lakini kila sababu unayoitaja inamfungulia msikilizaji mlango wa kukutafutia dawa: tafuta dada mwingine, mtoto akae kwa bibi, mbona wangu wanatembea?

Hilo la kutembea ndilo zito zaidi kwetu. Watoto wengi wa Mbulu na Hanang hurudi nyumbani kwa miguu, mkubwa akimwongoza mdogo, na wakubwa wa ofisi wengi walikua hivyohivyo wakipanda na kushuka vilima vya Daudi au Murray. Mzazi anayesema "lazima nimchukue" huweza kuonekana anadekeza. Kinachosahaulika ni kwamba mwenyeji ana bibi, ana shangazi, ana kaka mkubwa wa mtoto katika shule ileile. Mtumishi aliyehamishiwa Haydom kutoka Tanga au Bukoba hana hata mmoja wao. Na Katesh, tangu tope na mawe ya Mlima Hanang yalipoingia mjini tarehe 3 Desemba 2023, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mzazi hataki mtoto wa miaka saba avuke korongo peke yake mvua ikinyesha mlimani. Ukilazimika kujibu swali la kutembea, jibu kwa sentensi moja ya umri na njia, kisha rudi kwenye ratiba.

Ombi lenyewe lizungumzie kalenda na kazi. Lianzie kwa mkuu wa kitengo, ana kwa ana au kwa ujumbe wake binafsi, wala si kwenye kundi la WhatsApp ambako atalazimika kujibu mbele ya watu. Mhasibu wetu angeweza kuandika hivi:

"Shikamoo mkuu. Naomba tuangalie saa ya kikao cha Jumatatu. Siku za shule, kuanzia saa 7:40 hadi 8:20 mchana, nitakuwa nje kumchukua mtoto. Nitatumia muda wangu wa mapumziko. Saa 8:20 nitakuwa mezani kama kawaida. Kikao kikianza saa 4 asubuhi, taarifa ya mapato ya wiki iliyopita itakuwa imeshafika kwenu saa 3. Likitokea la dharura katika dakika hizo 40, simu yangu iko wazi, na mwenzangu wa stoo anajua mafaili yalipo. Naomba tujaribu hadi shule zifunge mwezi Juni, kisha uangalie kama kuna malipo yaliyochelewa."

Tazama kilichomo. Mtoto ametajwa mara moja tu. Saa zimetajwa kwa dakika, kwa kuwa neno "mchana" humfanya mkuu ahisi amepoteza nusu siku. Kuna kitu anachokipata yeye: taarifa mapema kuliko alivyozoea. Kuna mtu wa kushika nafasi, ambaye bila shaka ameshaulizwa na kukubali. Na kuna kipimo cha wazi, malipo yaliyochelewa, ambacho mkuu anaweza kukikagua kwenye daftari badala ya kupima sura ya mtu. Neno "samahani" halimo. Anayeomba radhi kwa muda wake wa mapumziko anawafundisha wengine kwamba kuna kosa.

"Afadhali niponyoke kimyakimya."

Hili ndilo la katikati. Mwaka 2015 mtafiti Erin Reid alichapisha utafiti wake kuhusu kampuni kubwa ya washauri wa biashara huko Marekani, ambako watu walitarajiwa kupatikana usiku na mchana. Aliwakuta waliokuwa wakipunguza saa zao chinichini, kwa kuchagua wateja wa karibu na kupanga safari zao kwa akili, bila kumwambia mtu. Wakubwa waliwahesabu sawa na waliokesha kazini. Waliokwenda rasmi kuomba nafuu kwa ajili ya familia ndio walioshushwa katika tathmini. Kwa hiyo hofu ya kuonekana hujitumi si ya kufikirika.

Lakini ile ilikuwa kampuni yenye watu wengi wanaosafiri kila wiki. Ofisi ya watu wanane mkabala na stendi ya Katesh haina mahali pa kujificha. Ukitoka saa 7:40, muuza vocha anakuona, mlinzi anakuona, na mwenzako akiulizwa uko wapi atasema "katoka" kwa sauti inayosema mengine. Mji mdogo huigeuza siri ya dakika 40 kuwa tabia ya mtu. Ninachokichukua kutoka kwa Reid ni hiki: kilichowaponza wale wengine ni kuomba kupunguziwa kazi. Anayeomba kusogeza saa, huku kazi ikibaki ileile, aseme hivyo waziwazi, kwa sababu wasikilizaji huyachanganya haya mawili.

"Kikao kikihamia saa nne, tatizo limekwisha."

Si kweli, na yeyote aliyewahi kukaa vikao vyetu anajua. Kikao cha saa nne huanza saa nne na nusu kwa kusubiri akidi. Saa sita bado kiko kwenye yatokanayo. Halafu inakuja ajenda ya Mengineyo, mahali ambapo mtu aliyenyamaza tangu asubuhi hukumbuka mgogoro wa mwaka juzi. Mzazi akiomba saa ya kuanza tu, siku moja atajikuta saa 7:40 bado yuko kwenye kiti, na akiinuka ndipo ataonekana hajali.

Omba saa ya kumaliza, iandikwe kwenye wito wa kikao: "saa 4:00 hadi 6:30." Omba pia ajenda inayokuhusu iwe juu. Taarifa ya fedha ikisomwa ya pili, hata kikao kikivuka muda, mchango wako umeshaingia kwenye muhtasari, na muhtasari ndio utakaosomwa siku ya tathmini. Ikibidi kuinuka kabla ya mwisho, mjulishe mwenyekiti kabla kikao hakijafunguliwa ili akutaje yeye. "Mhasibu atatuacha saa 7:40" likitoka kinywani mwa mwenyekiti ni utaratibu. (Kikao chenye posho ni habari nyingine. Hicho hata wasio na watoto hukubali kianze alfajiri.)

"Hili ni ombi la akina mama."

Si kweli. Baba akimchukua mtoto Jumanne na Alhamisi, mama anabaki na siku tatu za kuombea badala ya tano, na ofisi mbili zinagawana mzigo. Kama wote wawili ni watumishi wa halmashauri moja, wapange hilo nyumbani kabla mmoja wao hajaandika kwa mkuu wake.

"Kila kikao kinaweza kusogezwa, ni kuomba tu."

Si kweli. Serikalini siku ya kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na ndani ya muda huo kuna mambo ambayo mkuu wako hana mamlaka nayo. Ugeni kutoka mkoani Babati hufika unapofika. Kikao cha mtandao kinachoitishwa Dodoma hakijui ratiba ya shule yenu; ukiruhusiwa, unaweza kukisikiliza kwa simu ukiwa kwenye bajaji, mradi uwe umezima kipaza sauti na mtandao wa njiani usikutupe. Siku hizo andaa mtu wa pili wa kumchukua mtoto, ambaye jina lake mwalimu wa zamu analo.

Hospitalini ni pagumu zaidi. Katika wodi, makabidhiano ya zamu hayawezi kusubiri mtu mmoja, kwa sababu wauguzi wanaoondoka hawawezi kuwaacha wagonjwa bila kuwakabidhi. Muuguzi asiombe kikao hicho kihamishwe. Aende kwa anayepanga zamu kabla orodha ya mwezi haijabandikwa ukutani, akiwa tayari na mwenzake aliyekubali kubadilishana naye. Zamu za usiku na mwisho wa wiki ndizo zenye thamani katika mabadilishano hayo, na atakayejitolea kuzichukua mara kwa mara hataulizwa kwa nini hapendi zamu ya mchana.